Jinsi ya kuandika barua pepe ya kuomba bei ya kuchapa kipande kwa printa ya 3D: mfano wa braketi ya kipimaupepo

Kipande ninachokitumia kama mfano katika mwongozo huu ni braketi ya kipimaupepo cha nyumbani, kile chombo chenye vikombe vitatu vinavyozunguka juu ya paa. Braketi ina bamba la kufungwa kwenye mlingoti, lenye kimo cha milimita 60, upana wa milimita 40 na unene wa milimita 6. Kwenye ukingo wa chini wa bamba unatokeza mkono wa urefu wa milimita 80, na mwishoni mwa mkono huo kuna kikalio cha mviringo kinachopokea beringi ya namba 608, ileile inayotumika kwenye viatu vya magurudumu. Beringi hiyo ina kipenyo cha nje cha milimita 22, tundu la kati la milimita 8 na unene wa milimita 7. Juu yake hukaa kifuniko chembamba kinachobanwa kwa bolti tatu za M3.

Mara ya kwanza nilipoomba bei ya kipande hiki, barua yangu ilikuwa na sentensi moja: naomba bei ya kuchapa vipande vitano kama faili ilivyo, viwe imara. Nilijibiwa siku hiyohiyo kwa bei nafuu, nikakubali. Vipande vilikuja vikiwa vya PLA nyeusi. Beringi iliingia kwa nyundo, na baada ya kuingia haikuzunguka kwa wepesi, kwa hiyo vikombe vilisimama tuli hata wakati majani ya mwembe jirani yakitikisika. Baada ya miezi michache ya jua la Dar es Salaam, mkono ulikuwa umeinama. Nilipoirudia barua yangu niliona kwamba fundi hakukiuka hata neno moja, kwa sababu sikumwambia plastiki gani, tundu liwe na kipenyo gani, kipande kilazweje kwenye meza ya printa, wala kitakaa wapi. Tangu hapo naandika barua ya aina nyingine, na hatua zake ndizo hizi.

Hatua ya 1: Andaa faili kabla ya barua

Watu wengi hutuma faili ya STL peke yake. Faili hiyo ina mapungufu mawili yanayogusa bei na vipimo moja kwa moja. La kwanza ni kwamba haihifadhi kizio cha kipimo: ndani yake mna namba tu, na programu inayoifungua ndiyo inayoamua kama 60 ni milimita au inchi, ingawa inchi moja ni milimita 25.4. Kwa sababu hiyo, ndani ya barua andika ukubwa wa jumla wa kipande kwa maneno, ili anayeifungua aweze kulinganisha na anachokiona kwenye skrini.

La pili halionekani kirahisi. STL haina duara. Kila duara hugeuzwa kuwa umbo lenye pande nyingi zilizonyooka. Kikalio cha milimita 22 kikihifadhiwa kwa pande 24, umbali kati ya pande mbili zinazotazamana hubaki milimita 21.81 tu, yaani umepoteza karibu sehemu mbili za kumi za milimita kabla printa haijawashwa. Ndiyo maana natuma faili ya STEP, ambayo hubeba duara halisi pamoja na kizio chake, na pembeni yake naambatanisha mchoro wa PDF wa ukurasa mmoja wenye vipimo muhimu. Jina la faili libebe namba ya toleo, kwa mfano `braketi_v3.step`, na jina hilohilo litajwe ndani ya barua, kwa sababu ukishatuma marekebisho mara mbili ni rahisi sana toleo la zamani kuchapwa.

Hatua ya 2: Taja plastiki pamoja na mahali kipande kitakapokaa

Neno "imara" halimsaidii fundi kuchagua. Kinachomsaidia ni kujua joto, jua, maji na mzigo ambao kipande kitakutana navyo. PLA, ambayo ni plastiki ya kawaida kwenye maduka mengi ya uchapaji kwa kuwa huchapika kirahisi, huanza kulainika karibu na nyuzi 60 za Selsiasi, na kipande cheusi kinachoanikwa juani hupata joto kupita hewa inayokizunguka. Kikiwa na mzigo wa kudumu, hata mdogo, huinama polepole bila kuvunjika. PETG hustahimili hadi karibu nyuzi 80. ASA hufika karibu nyuzi 100, na zaidi ya hapo ilitengenezwa ili ivumilie mwanga wa jua, jambo ambalo ABS iliyo ndugu yake wa karibu hailiwezi kwa muda mrefu, kwani hufifia na kuwa rahisi kuvunjika.

Kwa kipimaupepo mimi huchagua ASA nyeupe, na rangi naitaja kwa sababu inaathiri joto la kipande. Hata hivyo si kila karakana ina ASA, kwa kuwa huhitaji printa iliyofungwa pande zote ili joto lisitoroke na kipande kisipinde kona wakati wa kuchapwa. Kwa hiyo barua yangu hutaja chaguo la kwanza na la pili, na kukataza waziwazi lile nisilolitaka. Ukiandika "ASA, au PETG nyeupe ikiwa ASA haipo, PLA haifai kwa sababu kipande kitakaa juani", umefunga mlango wa kubahatisha na umempa fundi nafasi ya kukuhudumia kwa alichonacho.

Katika aya hiyohiyo taja unene wa kuta, maana kwa kipande kidogo ndio unaoamua uimara zaidi ya ujazo wa ndani, yaani kiasi cha plastiki kinachojaza nafasi kati ya kuta. Printa yenye pua ya milimita 0.4 ikichapa kuta 4, unapata ganda la karibu milimita 1.6 la plastiki thabiti, na ujazo wa ndani wa asilimia 30 hadi 40 unatosha. Kudai asilimia 100 huongeza muda na gharama, huku faida yake kwenye braketi kama hii ikiwa ndogo.

Hatua ya 3: Dai usahihi pale tu unapohitajika

Hapa ndipo barua nyingi za wanaoanza huharibika, na huharibika kwa namna mbili zinazopingana. Wengine hawasemi lolote kuhusu mkengeuko unaoruhusiwa, yaani kiasi ambacho kipimo kinaweza kuzidi au kupungua bila kipande kukataliwa. Wengine hunakili kutoka kwenye michoro ya chuma na kuandika ±0.05 kwa kila kipimo, au hutaja ISO 2768-m bila kujua kwamba kiwango hicho kinaruhusu ±0.1 tu kwa vipimo vya hadi milimita 6, na ±0.2 kuanzia hapo hadi milimita 30. Printa za filamenti, yaani zile zinazoyeyusha uzi wa plastiki, kwa kawaida huenda pembeni kwa sehemu mbili hadi tano za kumi za milimita. Karakana makini ikisoma dai la ±0.05 kila mahali, itakataa kazi au itaongeza bei ili kufidia vipande vitakavyotupwa. Isiyo makini itakubali na kuchapa kama kawaida yake.

Chukua mchoro wako na ujiulize ni vipimo vipi vikikosewa kipande hakifanyi kazi. Kwenye braketi yangu ni viwili tu, navyo ni kipenyo cha kikalio cha beringi na kina chake. Mengine nimeyamaliza kwenye mchoro wenyewe: matundu ya bolti za M6 nimeyachora ya milimita 6.6 na ya M3 ya milimita 3.6, ili hata yakitoka madogo kwa 0.4 bolti bado zipite. Nafasi iliyowekwa kwenye mchoro haigharimu kitu, ilhali usahihi unaodaiwa kwenye barua hulipiwa.

Kuhusu kipenyo, ni vizuri kuelewa kwa nini matundu hutoka madogo kuliko yalivyochorwa. Uzi wa plastiki iliyoyeyuka unapozungushwa kwenye duara huvutwa kuelekea ndani ya mkunjo, na plastiki inapopoa hunywea. Tundu lililochorwa 22.0 huweza kutoka 21.8 au 21.7. Ukiisukuma beringi humo, plastiki huibana pete ya nje, gololi za ndani zinakosa nafasi, na chombo kinachopaswa kuanza kuzunguka kwa upepo hafifu kinakuwa kizito. Hicho ndicho kilichonipata.

Upande wa pili wa hesabu ni joto. Mita moja ya ASA hurefuka kwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, na chuma hurefuka kwa karibu sehemu ya nane ya hapo. Kikalio cha milimita 22 kikipanda kutoka nyuzi 25 hadi 55, kitapanuka kuizidi beringi kwa karibu milimita 0.06. Kwa hiyo beringi inayoshikwa na msuguano peke yake asubuhi inaweza kulegea mchana. Niliacha kutegemea mbano wa kipenyo, nikaweka ukingo wa chini wenye tundu la milimita 20 unaogusa pete ya nje tu, na kifuniko cha juu chenye tundu la ukubwa huohuo. Kina cha kikalio nikakifanya 6.8, ili beringi ya unene wa milimita 7 ichomoze kidogo na kifuniko kiikandamize.

Kutokana na hayo, madai yangu yakawa mepesi kuandika: kipenyo kiwe kati ya 22.00 na 22.20 kikipimwa kwenye kipande kilichopoa, kina kiwe kati ya 6.6 na 6.9, na kila kipimo kingine ±0.4. Kisha naongeza jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya bila kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo, kwamba beringi iingie kwa kusukumwa na kidole gumba na izunguke kwa uhuru baada ya kuingia. Natoa pia ruhusa ya kurekebisha ukubwa wa matundu kwenye programu ya kuandaa uchapaji, ambayo kwenye OrcaSlicer huitwa `X-Y hole compensation`, kwa sababu bila ruhusa hiyo fundi mwaminifu huacha mchoro wa mteja kama ulivyo.

Hatua ya 4: Eleza mlalo kwa kutaja uso, na utoe sababu

Kipande cha filamenti hujengwa tabaka juu ya tabaka, na mshikamano kati ya tabaka na tabaka ni dhaifu kuliko uzi wenyewe. Namna kipande kinavyolazwa mezani ndiyo inayoamua kitavunjikia wapi, tundu lipi litakuwa duara kamili, na nguzo za muda za plastiki zitahitajika wapi.

Braketi yangu inaweza kulazwa kwa njia tatu. Ikisimamishwa juu ya bamba, mkono ukielekea juu, matabaka yanaukata mkono kama vipande vya mkate, na msukumo mdogo tu unaweza kuukata; njia hiyo naikataza kwa maandishi. Ikilazwa ubavu, kila tabaka linabeba umbo zima la herufi L, na kona kati ya bamba na mkono inakuwa na nguvu kuliko kwa njia nyingine yoyote. Lakini kikalio cha beringi kinalala, sehemu yake ya juu inachapwa hewani au juu ya nguzo za muda, na tundu linatoka na umbo la yai. Ikilazwa kwa uso wa chini wa mkono, kikalio kinaangalia juu, tundu linakuwa duara, na hakuna nguzo yoyote inayohitajika ndani yake, ila kona ya bamba inabaki na matabaka yanayoweza kuachana.

Nimechagua njia ya tatu, kwa sababu vikombe na ekseli yake vina uzito wa karibu gramu 200 tu, na mzigo huo mwishoni mwa mkono wa milimita 80 ni mdogo, wakati tundu lisilo duara linaharibu kazi nzima ya chombo. Ule udhaifu wa kona nimeuziba kwa mbavu mbili za pembetatu kati ya bamba na mkono. Ingekuwa braketi ya kubebea rafu ya vitabu ningechagua ubavu bila kusita na kutoboa tundu baadaye.

Unapoandika, usitumie maneno "wima" na "mlalo" peke yake, kwani programu huweza kuizungusha faili inapofunguliwa na wewe na fundi mkawa mnaangalia pande tofauti. Upe uso jina kwenye mchoro, kwa mfano uso A, kisha useme uso A ulale juu ya meza ya printa. Ambatanisha picha ya skrini inayoonyesha kipande kikiwa kimelala hivyo.

Hatua ya 5: Idadi

Bei ya kipande kimoja ina ndani yake kazi ya kuandaa faili na printa, ambayo ni ileile uchape kimoja au kumi, kisha muda wa printa na plastiki, ambavyo huongezeka kwa kila kipande. Omba bei ya sampuli moja na bei ya idadi kamili katika mistari tofauti. Ikiwa kazi ina sehemu zaidi ya moja, hesabu kila sehemu peke yake, maana neno "seti 5" limewahi kuleta braketi tano zenye kifuniko kimoja.

Barua yenyewe

Kichwa cha barua kibebe kazi, idadi na plastiki, ili mpokeaji aitambue bila kuifungua.

> Kichwa: Ombi la makadirio ya bei: braketi 5 na vifuniko 5, ASA nyeupe
>
> Ndugu Mhusika,
>
> Habari za kazi. Natengeneza vipimaupepo vya nyumbani kwa ajili yangu na wenzangu, nami naomba makadirio ya bei ya kuchapa sehemu mbili zilizoambatanishwa: `braketi_v3.step`, yenye ukubwa wa jumla wa milimita 86 × 40 × 60, na `kifuniko_v3.step`, yenye kipenyo cha milimita 40 na unene wa milimita 4. Mchoro wenye vipimo upo kwenye `braketi_v3.pdf`.
>
> Plastiki: ASA nyeupe. Ikiwa haipo, naomba bei ya PETG nyeupe. PLA haifai, kwa kuwa sehemu hizi zitakaa juani na kwenye mvua mwaka mzima. Kuta 4, ujazo wa ndani asilimia 40, tabaka za milimita 0.2.
>
> Vipimo: kikalio cha beringi 608 kiwe na kipenyo kati ya 22.00 na 22.20, na kina kati ya 6.6 na 6.9, vikipimwa baada ya kipande kupoa. Vipimo vingine vyote ±0.4. Beringi iingie kwa kusukumwa na kidole gumba na izunguke kwa uhuru. Mnaruhusiwa kurekebisha ukubwa wa matundu kwenye programu yenu ili kufikia vipimo hivyo.
>
> Mlalo: uso A wa braketi, kama ulivyoonyeshwa kwenye picha, ulale juu ya meza ya printa, ili tundu la beringi liwe duara. Tafadhali msiweke nguzo za muda ndani ya kikalio, wala msisimamishe kipande juu ya bamba. Mkiona mlalo mwingine ni bora, naomba mnishauri kabla ya kuchapa.
>
> Idadi: kwanza sampuli ya braketi 1 na kifuniko 1. Nikiikubali, braketi 4 na vifuniko 4 zaidi. Jumla ni braketi 5 na vifuniko 5.
>
> Naomba bei ya sampuli na ya idadi iliyobaki zitenganishwe, na mseme kama zinajumuisha kodi, usafishaji na usafiri, pamoja na siku mtakazohitaji. Naomba pia kujua utaratibu wenu ikiwa kipenyo cha kikalio kitatoka nje ya kiwango.
>
> Natanguliza shukrani.
>
> (Jina, mji na namba ya simu)

Hatua ya 6: Soma jibu, kisha pima sampuli

Jibu zuri hugusa angalau jambo moja uliloliuliza kwa undani. Fundi akisema kwamba printa yake hutoa matundu madogo kwa 0.2 na kwamba atarekebisha, au akipendekeza achape kwanza pete ndogo yenye tundu la kikalio tu ili kupima, umempata mtu aliyeisoma barua, na pete hiyo hutumia plastiki kidogo sana. Jibu lenye bei pekee lisikufanye uikatae karakana. Rudisha swali moja fupi: mtatumia ASA au PETG, na uso A utalala mezani? Akithibitisha kwa maandishi, makubaliano yenu yamekamilika.

Sampuli ikifika, usianze na kusukuma beringi, kwa sababu ikikwama utakuwa umekiharibu kikalio kabla ya kukipima. Anza kwa kuangalia mistari ya matabaka kwa jicho: kwenye mlalo niliouomba, mistari huzunguka ubavu wa mkono ikiwa sambamba na uso A. Kisha pima kipenyo kwa kalipa katika pande tatu tofauti. Namba tatu zikikaribiana lakini zote ziko chini ya 22.00, tundu ni duara ila ni dogo, na marekebisho ya programu yatalitatua. Zikitofautiana kwa zaidi ya 0.2, tundu si duara, na chanzo chake mara nyingi ni mlalo uliobadilishwa au kipande kilichopinda wakati kikipoa. Hapo kuongeza ukubwa wa tundu hakusaidii. Angalia pia kama uso A umekaa sawa juu ya kioo bila kuyumba. Ukimaliza hayo, ingiza beringi kwa kidole, funga kifuniko, na uizungushe. Ikizunguka kabla ya kukaza bolti za M3 na kukataa baada ya kuzikaza, kikalio kipo sawa na kifuniko ndicho kinachogusa pete ya ndani. Andika namba ulizozipata kwenye barua ya kuidhinisha vipande vinne vilivyobaki, ukitaja kipenyo halisi cha sampuli uliyoikubali, ili fundi arudie mpangilio uleule aliouchapia.